Karatasi ya Kufungia Maji

Mzee Odur aliporudi mtaani kwake Kansanga kutoka kumzika mkewe, ufunguo wa nyumba ulikuwa bado kwenye mfuko wa shati, ulipokaa wiki tatu. Alikuwa akiupapasa kila mara huko kwao Lira, hata pale kaburini. Aliona amefanya jambo la busara. Siku zile mtu alikuwa hamjui mwenzake; aliyecheka nawe asubuhi, jioni anaweza kuwa amekutaja jina kwa wenye bunduki. Ufunguo ni wa kukaa mfukoni mwa mwenyewe.

Alipousukuma mlango ukakwama. Mbao zilikuwa zimevimba. Akausukuma kwa bega, na harufu ya uozo ikamkuta usoni. Godoro lilikuwa limekunywa maji mpaka likapasuka mshono. Sanduku la nguo za marehemu mkewe, Alum, lilikuwa sakafuni, pale pale alipoliacha, na lilipofunguliwa gomesi zake, magauni marefu ya sikukuu, zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Ukutani, kuanzia sakafu hadi usawa wa goti, kulikuwa na alama ya maji iliyonyooka kama ya rula.

Hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani. Alikuwa fundi bomba miaka thelathini na moja. Akaenda moja kwa moja jikoni. Bomba la sinki lilikuwa wazi, limezungushwa hadi mwisho, halitoi kitu. Ndani ya sinki ilikuwapo sahani ya bati ya waombolezaji, imelalia tundu, imeliziba barabara.

Akakaa kwenye kigoda cha Alum kilicholowa. Akakumbuka. Asubuhi ile ya kuondoka, lori likipiga honi, wageni wanataka chai, alikuja na birika akafungua bomba. Kavu. Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima tangu juzi yake, kama ilivyokuwa kila wiki miaka ile. Akaliacha birika, akatoka. Bomba hakulifunga. Bomba kavu halina sauti ya kumkumbusha mtu.

"Mzee." Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Nabintu, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza chumvi na sabuni sokoni Owino. Mumewe, Mugisho, alishona viatu. Nyumba yao na ya Odur ilikuwa moja iliyogawanywa mbili, na upande wao ulikuwa chini kidogo kwa sababu ya mteremko. "Pole na safari. Pole na mama."

"Nimeshapoa. Kwenu maji yalifika?"

Nabintu akaangalia pembeni. "Njoo uone, Mzee."

Chumba chake cha nyuma ndicho kilichokuwa ghala. Magunia matatu ya chumvi, aliyoyapata kwa taabu mwaka ule ambao chumvi ilitafutwa kama dawa, yalikuwa yamebaki magunia tu, yamenywea kama ngozi ya mbuzi. Sabuni zilikuwa uji uliokauka. Na ukuta wote wa upande wa Odur ulikuwa mweupe, umetoa chumvi kama uso wa mtu aliyelia akajikaushia.

Odur akaugusa kwa kidole. Akakiweka kidole mdomoni bila kujua.

"Hiyo ndiyo biashara yangu unayoilamba," Nabintu akasema. Hakucheka, wala hakugomba.

"Yalirudi lini?"

"Siku ya nne. Usiku. Tulisikia maji yanamwagika kwako, shwaa, shwaa. Mzee usikasirike. Mimi nilimwambia Mugisho, ni Mama Alum. Wewe unajua yeye alivyokuwa, jogoo hajawika anafungua bomba, anajaza madumu, anatujazia na ya kwetu. Nikasema, amekuja kuchukua maji yake ya njiani. Mwache. Tukasali, tukajifunika shuka."

"Mpaka asubuhi."

"Mpaka asubuhi. Ndipo tukaona mama huyu hana kiu ya namna hii."

Mugisho alikuwa ameingia, sindano ya viatu mkononi. "Mimi nilikimbia kule barabarani nikafunga koki kubwa. Lakini ile ni yetu wote. Nikiifunga, hata sisi hatunywi. Basi kila siku nafungua kidogo tujaze madumu, kwako yanamwagika tena, nafunga. Wiki mbili na nusu, Mzee! Mke wangu anachota mbele, nyuma anakausha."

"Mngevunja mlango."

Mugisho akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi? Mzairwa? Nivunje mlango wa mtu aliyesafiri, mtaa mzima unaona? Mzee, wangenipeleka wapi?"

Odur akapapasa mfuko wa shati. Ufunguo ulikuwapo.

Aibu ya kwanza alikuwa nayo: kinyozi hajinyoi. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na hakuna aliyeijua ila marehemu. Chini ya sinki lake kulikuwa na koki ndogo ya kufungia maji ya upande wake peke yake. Ilikuwa imeshikwa na kutu, haizunguki. Alum alimwambia. Alimwambia wakati wa mahindi, akamwambia tena wakati wa panzi wa kukaanga. "Kesho," Odur alijibu. Miaka miwili ya kesho. Na koki mpya ilikuwamo kwenye sanduku lake la vyuma, imefungwa kwa karatasi ya mafuta, ya shaba, aliyopewa na bwana wake Mhindi siku Wahindi walipoambiwa waondoke nchini. Aliitunzia mteja mzuri.

Kila walipofunga nyumba kwenda kwao, walikuwa na desturi. Odur alibeba mizigo. Alum alipita bomba kwa bomba, akilikaza kila moja na kulipigapiga kama kichwa cha mtoto. Yeye ndiye alikuwa koki ya nyumba ile. Safari hii alikuwa kwenye jeneza, juu ya lori.

Kesho yake Odur alianza kutoa vitu nje kuvianika. Nyuma ya mlango alikuta karatasi imening'inia kwa msumari mmoja, wino umetoka michirizi. Aliijua. Ilikuwa karatasi yao.

Ilianza hivi. Zamani wateja wa Odur walisafiri, wakirudi wanakuta balaa, wanamwita kwa matusi. Yeye hakusoma hata siku moja. Alum alifika darasa la nne la misheni. Siku moja akamwambia, "Wewe sema, mimi niandike." Odur akasema, Alum akaandika, na tangu hapo kila familia iliyofunga nyumba ilipewa nakala ya mkono wake, ya kubandika nyuma ya mlango. Kuanzia nyumba za mawakili Kololo hadi za askari Kibuli. Ya kwao wenyewe Alum aliibandika kwa mzaha. Odur hakuitazama tena. Ya nini kutazama maneno yaliyotoka kinywani mwako?

Alimpelekea Mugisho, aliyekuwa ameketi na kiatu magotini.

"Nisomee."

"Si unaijua, Mzee?"

"Naijua. Nisomee tu. Nataka kumsikia."

Mugisho akaifuta mikono. Akasoma polepole, akikisia palipofutika, na Odur akawa anatangulia kila mstari kwa midomo.

"'Kama una tangi la maji moto, zima kwanza umeme wake, usije ukaunguza tangi kavu. Kisha funga koki kubwa kwenye mita. Tangi la darini lina koki yake, nayo funga, kwa maana ya kwenye mita hailijui. Fungua bomba la chini kabisa, maji yaliyobaki yatoke. Yakiisha, funga mabomba yote, moja moja, kwa mkono wako. Usiliache bomba wazi kwa kuwa ni kavu.'"

Midomo ya Odur ikasimama.

"Niendelee?"

"Endelea."

"'Toa kila kitu ndani ya sinki, tundu libaki wazi. Vuta maji ya choo. Kila tundu la sakafu mwagia kikombe cha maji, na kijiko cha mafuta juu yake, maji ya shingoni mwa bomba yasikauke upesi, harufu na mende wasipande.'"

"Basi," Odur akasema. "Imeisha."

"Haijaisha."

"Imeisha, kijana wangu. Mimi ndiye niliyesema. Mwisho ni mende."

"Mzee, hapa kuna mstari mwingine. Huu hapa." Mugisho akauweka kidole. "'Mwachie jirani ufunguo. Akisikia maji, aingie.'"

Odur akaichukua karatasi. Akaigeuza, akairudisha. Kwake ilikuwa ni michirizi tu, kama nyayo za kuku. Miaka kumi aliigawa mji mzima. Kila nyumba walijua mstari ule, watumishi walijua, watoto waliojifunza kusoma walijua. Yeye hakuwa ameambiwa, wala hakuwa ameuliza.

"Hilo nililiona hata kwa mwalimu Otim pale juu," Mugisho akasema kwa upole. "Karatasi zote za Mama Alum zinaisha hivyo."

Odur akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka jua likapinda. Hakuna aliyemfuata.

Aliporudi alikuwa na sanduku la vyuma. Alifunga koki ya barabarani, akafungua bomba mabaki yakatoka, akalala chali chini ya sinki. Koki ya kutu ilikataa, akaikata kwa msumeno wa chuma. Akachonga meno mapya kwenye mwisho wa bomba, akayazungushia katani iliyopakwa rangi, akaikaza ile ya shaba taratibu, mshale wake ukielekea maji yaendako. Akamtuma Mugisho akafungue barabarani, naye akapitisha kiganja kwenye kila kiungo. Pakavu. Akamwita Nabintu.

"Zungusha wewe. Kulia, ndiyo kufunga."

Nabintu akainama, akazungusha. Sauti ya maji kwenye sinki ikapungua, ikawa uzi, ikawa tone, ikanyamaza.

"Laini," akasema. "Ilikuwa wapi siku zote hii?"

Odur angeweza kusema aliinunua jana. "Ilikuwa sandukuni. Miaka minne. Alum aliiomba, nikamnyima. Chumvi yako niliimwaga mimi, mama. Si yeye."

Nabintu akainuka, akajifuta mikono. "Nilijua si yeye," akasema. "Yeye hakuwahi kuchezea maji."

Odur akatoa ufunguo mfukoni, ukiwa na joto la mwili. Akamnyooshea. Nabintu hakuupokea mara moja.

"Mzee, unampa Mzairwa ufunguo? Watu watasema."

"Na waseme."

Akaupokea, akaugeuzageuza. Kisha akatoka nje, akauvuta mlango uliovimba kwa nguvu, akaufunga kwa ufunguo, na Odur akabaki ndani, kati ya kuta zenye alama ya maji.

"Mzee, uko ndani?"

"Niko. Umefunga kweli?"

"Najaribu kama unashika. Basi nikisikia maji, naingia."

"Uingie."

Kisha sauti yake ikaja tena, karibu na tundu la ufunguo.

"Na nisiposikia kitu?"

Odur alitazama kigoda cha Alum, kilichoanza kukauka upande mmoja.

"Uingie pia," akasema.