Jedwali Lililokatwa Kichwa

Nafundisha shule ya msingi Mtae. Nilipokuwa nasoma shahada kwa masomo ya mbali, nilipata sapu ya takwimu. Sapu ni mtihani wa marudio. Ukianguka na huo unadisko, yaani chuo kinakuaga. Rafiki yangu, mwalimu wa Lushoto mjini, alikuwa na sapu hiyohiyo. Nilidhani tutabaki pamoja au tutafukuzwa pamoja.

Tuliruhusiwa kuingia na jedwali letu la uwezekano jumlishi. Kitabu chenye jedwali hilo tulikipata maktaba moja tu huko Tanga, akakipiga picha yeye na kunitumia. Picha ilikuwa safi, ila kichwa cha jedwali, kinachoeleza lisomweje, kilibaki nje. Hatukujali. Mhadhiri alitufundisha kwa jedwali la “isiyozidi”, ambalo kila mstari hutoa uwezekano wa idadi hiyo au pungufu: ukitaka angalau tatu, unasoma mstari wa mbili na kutoa kwenye moja. Tulifanya mazoezi kila mtu kwake, tukatumiana majibu. Yakilingana tuliweka vema. Yalilingana sana.

Siku ya mtihani swali lilikuwa la maharage: mbegu ishirini, kila moja ina uwezekano wa 0.1 wa kuoza. Tafuta uwezekano wa kuoza angalau tatu, kisha zisizozidi tatu. Nikasoma mstari wa mbili, 0.6083, nikatoa kwenye moja, nikapata 0.3917. Macho yakapanda mpaka mstari wa sifuri. Paliandikwa 1.0000. Kwa usomaji wetu, ilikuwa hakika kwamba haitaoza hata mbegu moja. Nimepanda maharage Mtae tangu utotoni, na sijawahi kubahatika hivyo.

Nikaishuka safu: 1.0000, 0.8784, 0.6083, 0.3231, 0.1330. Zinapungua. Jedwali la “isiyozidi” huongezeka kuelekea moja. Hili lilikuwa la “angalau”: kuoza sifuri au zaidi, nani atabisha? Basi angalau tatu husomwa palepale kwenye tatu, 0.3231. Zisizozidi tatu ni moja kutoa mstari wa nne, 0.8670. Nikafuta, nikaandika upya.

Rafiki yangu alikaa mbele yangu, kalamu inakwenda kwa raha. Nilikohoa. Msimamizi akaniletea maji. Nilikunywa, nikamshukuru, na sikukohoa tena, maana nami nilitaka kubaki chuoni.

Nje aliniuliza, “Angalau tatu umepata ngapi, mwenzangu?”

“Sifuri nukta tatu mbili tatu moja.”

“Mimi tatu tisa moja saba. Umekosea wapi?”

Nikamwonyesha mstari wa sifuri kwenye karatasi yake ya jedwali. Aliutazama, akaikunja karatasi, akasema twende tukanywe chai.

Matokeo yalipotoka, mimi nilifaulu, yeye alidisko. Nilikuwa na furaha, na niliionea aibu. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia kwenye simu, akapiga yeye.

“Hongera, mwalimu,” alisema. “Nimeshawaambia nyumbani kwamba umefaulu. Langu sijawaambia.”