Siku Tisa za Mama Sindano

Karatasi ya mkopo niliiandika mimi. Katika ua wetu wa vyumba sita, mimi ndiye karani, nashinda ghalani nikihesabu magunia, na kila mtu anayetaka kitu kiandikwe hubisha mlangoni kwangu. Siku hiyo, Jumatatu tarehe tatu, walikuja wawili pamoja wakicheka: Mama Sindano, fundi cherehani wa chumba cha kwanza karibu na lango, na Kitana, msusi wa chumba cha mwisho.

Mama Sindano alikuwa na umri wa kama miaka arobaini na tano, mrefu, mkali wa maneno lakini mwepesi wa kutoa. Cherehani yake ilikaa barazani, na kwa miaka tisa kila mgeni aliyeingia ua ule aliingia kwa ajili yake. Wanawake walikaa kwenye benchi lake wakisubiri kupimwa, na sisi wengine tulipita pembeni tukiomba radhi. Kitana alihamia miaka miwili nyuma, mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, akamwita dada, na Mama Sindano akamwita mdogo wangu. Alimpa hata jiko la kuanzia maisha.

Kitana alikuwa ameona mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa unayokaa chini yake. Imeshatumika, lakini nzima. Bei yake elfu themanini. Mama Sindano alikuwa na elfu themanini za kununulia vitambaa, ila hakuwa na haraka nazo mpaka msimu wa sare.

"Sitaki bure, dada," Kitana alisema. "Nikichukua bure nitaona haya hata kukusalimia."

"Basi nipe tatu kwa kila elfu, kwa kila siku."

"Moja!"

"Mdogo wangu, moja hainunui hata uzi."

Nikawaambia wakutane kwenye mbili. Wakakubali. Nikawaeleza ili asije mtu akasema hakuelewa: mbili kwa kila elfu, na elfu ziko themanini, kwa hiyo faida ni mia na sitini kwa siku. Siku kumi, elfu moja na mia sita. Faida haizai faida nyingine. Kila siku tunahesabu juu ya zile themanini za mwanzo tu. Siku ya kukopa haihesabiwi, siku ya kulipa inahesabiwa. Mwisho ni siku sitini, lakini akiweza kulipa mapema, alipe, na hesabu ikome hapo.

"Ongeza neno moja," alisema Mama Sindano. "Pesa zirudi mkononi mwangu mwenyewe, si kwa mume wangu. Zikipita kwake zitageuka bati na vyuma."

Mumewe alikuwa mchomeleaji. Tulicheka sote, nikaandika, wakatia sahihi.

Mashine ilifika kesho yake na mguu mmoja umelegea. Mume wa Mama Sindano akatoka na vifaa vyake, akauchomelea kwa dakika kumi, akakataa malipo. "Jirani yetu huyu anajua anachokitafuta," alimwambia mkewe wakati wa kula. Alisema hivyo tu. Mama Sindano aliniambia baadaye kwamba aliisukuma sahani pembeni. Mguu wa cherehani yake mwenyewe ulikuwa umeyumba tangu mwaka uliopita, na kila akimkumbusha alijibiwa Jumamosi.

Wiki haikuisha, wateja wakaanza kumiminika. Waliingia langoni, wakamsalimia Mama Sindano haraka haraka, wakapitiliza hadi chumba cha mwisho. Alikuwa akishona huku akihesabu miguu inayopita. Watatu. Watano. Siku ya Ijumaa, kumi na mmoja. Kicheko cha kule nyuma kilimfikia barazani na kila mara aliamini kinamcheka yeye. Mteja wake mwenyewe, mwanamke aliyekuja kupimwa gauni, alimwambia, "Ngoja kwanza, dada, nikakaushe nywele mara moja," akarudi saa nzima baadaye akinukia mafuta.

Roho ilimchoma. Hakuwa na shida na faida, maana mia na sitini zilikuwa zinaingia kila siku hata akilala. Shida ilikuwa kwamba zile elfu themanini zilikuwa zake, na heshima iliyotoka ndani yake ilikuwa ya mwingine. Alianza kumpitia Kitana bila kumtazama. Kitana akisema, "Shikamoo dada," anajibu kwa kuguna. Jambo moja tu lilimtuliza. "Anadaiwa," alikuwa akijisemea akikanyaga pedali. "Acha achekelee, lakini anadaiwa na mimi."

Ndiyo maana tarehe ishirini na nne, alipomwona Kitana akitoka chumbani na bahasha, aliacha kushona. Alijua kilichomo. Siku ishirini na moja tu na tayari msichana anazo! Akiichukua bahasha ile, hatakuwa tena na chochote juu yake. Aliitupia cherehani kitambaa, akaingia ndani, akavuta pazia. Aliponiona napita akaninong'oneza dirishani: "Mwambie nimekwenda kwa dada yangu."

Nilisema hivyo, na sijivunii. Nilidhani hana hali nzuri tu, anataka kupumzika. Kitana alisimama na bahasha yake. "Nimemletea yote na faida," alisema. "Elfu tatu, mia tatu na sitini. Nimepiga hesabu sawa?"

Mia na sitini mara ishirini na moja. Ilikuwa sawasawa kabisa. Nikamwambia aniachie mimi, akatikisa kichwa. "Karatasi inasema mkononi mwake. Sitaki maneno."

Akarudi Jumanne. Akarudi Alhamisi. Akarudi Jumamosi, akagonga, akangoja, akaondoka. Mama Sindano alikaa gizani mchana kutwa, mlango umefungwa, akitoka jioni tu kushona kidogo, Kitana akiwa na wateja. Mume alikuwa kazini nje ya mji wiki hiyo, hakuna wa kumuuliza. Nilipoelewa anachofanya nilimwendea.

"Dada, hizi ni siku za nini?"

"Ni za kwangu. Mkopo una siku sitini, sivyo?"

"Sitini ni mwisho. Yeye alikuja siku ya ishirini na moja na pesa mkononi."

"Mkononi mwake," alisema. "Si mwangu."

Alijificha kwa maneno aliyoniandikisha mwenyewe.

Alifungua mlango Jumatano, tarehe mbili ya mwezi uliofuata. Mwezi ule ulikuwa wa siku thelathini na moja. Kitana alikuja saa tatu asubuhi, mimi nikiwa nafunga viatu.

"Karibu nyumbani, dada. Safari ilikuwaje?"

"Njema. Siku thelathini leo," alisema Mama Sindano bila kumtazama usoni. "Elfu nne na mia nane. Jumla elfu themanini na nne na mia nane."

Macho ya Kitana yalikwenda kwenye sakafu ya baraza, kwenye vipande vipya vya uzi mwekundu ambavyo mtu aliyesafiri asingeweza kuviacha. Nikajitia kati. "Nilimwona alipokuja tarehe ishirini na nne. Hesabu ya haki ni elfu tatu, mia tatu na sitini. Tofauti ni siku tisa, elfu moja, mia nne na arobaini."

"Karani, usijisumbue," alisema Kitana. Akafungua bahasha, akatoa elfu themanini na tatu, mia tatu na sitini, akaziweka kwenye meza ya cherehani. Kisha akatoa pochi kiunoni, akahesabu nyingine elfu moja, mia nne na arobaini, akaziweka pembeni, mbali kidogo na zile. "Hizo za kwanza ni za mkopo. Hizi sijui ni za nini, lakini kama unazihitaji, chukua. Naomba karatasi yangu."

Mama Sindano aliichana mbele yake. Alitarajia kuona uchungu. Kitana hakuonyesha uchungu wowote, alisema asante, akarudi kwa mteja wake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: pesa zile hazikumpunguzia kitu yule msichana.

Mchana wa siku hiyo alipita mwanamke mmoja barabarani, kiongozi wa kwaya, ambaye kila mwaka humpa Mama Sindano kazi. Alikuwa na magauni kumi na mawili ya buluu mikononi, yameshashonwa.

"Hee! Nani kakushonea?"

"Nilikuja kwako Alhamisi, mlango umefungwa. Nikamuuliza msusi, akasema umesafiri kwa dada yako. Ndiye aliyenionyesha fundi wa karibu na soko."

Mama Sindano alivuka ua kama moto. Nilikuwa nimerudi kula, nikasikia kila kitu. "Umeninyang'anya wateja! Haitoshi umewajaza kwako, sasa unawatoa kwangu unawagawa!"

Mwanamke aliyekuwa chini ya kofia ya mashine alichungulia. Kitana hakupaza sauti. Aliweka kitana chini.

"Dada, mimi niliambiwa umesafiri. Nilimwambia ninachokijua. Ulitaka nimwambie nini?"

Jibu lilikuwa moja tu, kwamba Mama Sindano mwenyewe alikuwa ndani, amekaa kitandani, akimsikiliza yule kiongozi wa kwaya akigonga na kudhani ni Kitana. Aligeuka, akarudi barazani.

Aliniita jioni ile. Tulipiga hesabu pamoja, maana alitaka aione kwa maandishi. Magauni kumi na mawili, faida ya elfu mbili kila moja. Elfu ishirini na nne. Nami sikumwekea sukari: "Umezipoteza kwa siku zilizokuletea elfu moja, mia nne na arobaini."

"Si kwa ajili ya hizo pesa," alisema taratibu. "Unadhani nilizitaka? Nilitaka aendelee kunidai... la, mimi nimdai. Ona, hata ulimi unanikataa. Nilitaka akipita hapa ainamishe kichwa. Miaka tisa benchi hili lilikuwa limejaa, Karani. Sikujua kama ninalipenda kiasi hicho."

Asubuhi alizichukua zile elfu moja, mia nne na arobaini, akaenda nazo chumba cha mwisho. Alitumaini, aliniambia, kwamba Kitana angezikataa kwa maringo, apate sababu ya kumchukia vizuri. Kitana alizihesabu, akazitia pochini.

"Asante, dada," alisema. "Nilikasirika, sitakuficha."

"Ulikuwa na haki."

"Kaa basi. Hizo nywele zako za mbele zimechoka."

Hakukaa siku ile. Alikaa wiki ya pili yake, akalipa bei kamili, na alikasirika alipogundua kwamba ile mashine kweli ni nzuri.

Sitasema kijicho kilimtoka. Mpaka leo anahesabu miguu inayopita langoni, na siku Kitana akipata watu wengi, pedali ya cherehani inasikika hadi kwangu. Ila mwezi uliopita nilimkuta akimzuia mteja wake mmoja langoni, akimwonyesha kwa kidole: "Nywele zako hizo haziendani na gauni hili. Nenda kule mwisho. Mwambie umetumwa na dada yake." Alisema hivyo uso umekunjamana, kama mtu anayemeza dawa chungu, halafu akarudi kwenye kazi yake.