Kidole Gumba Juu ya Safu

Redioni walimbandika jina la Shahidi Yuko Wapi, maana hata ukimwambia mvua inanyesha, dada huyo atakwenda dirishani kwanza. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Mtangazaji alikuwa akimtumia picha ya safu ya gazeti, naye akiifupisha kwa sentensi tatu na kuorodhesha madai ya kuhakikiwa kabla hayajaenda hewani.

Asubuhi moja ikaja picha iliyomkata maini. Safu ilihusu mkate wa duka la shangazi yake, yule aliyemlea kwa mkate huohuo. Shangazi naye alishapiga simu, akimsihi aizike habari hiyo, kwani duka likifungwa atakula nini, hewa?

Alitamani kuizika, tusidanganyane. Lakini aliandika:

“Mwandishi anadai mkate wa duka hilo uliwaumiza matumbo watu arobaini. Anasema maafisa wa afya walilifunga duka Jumatatu. Anataka lifungwe moja kwa moja.”

Chini akaweka madai mawili: wagonjwa arobaini, na kufungwa kwa duka. Kauli kwamba mkate unafanana na godoro aliiacha; hayo ni maoni, na godoro halina hospitali ya kuulizwa.

Tatizo lilikuwa kidole gumba cha mtangazaji, kinene kama muhogo, kilichofunika chanzo cha hao arobaini. Ilisomeka tu “kwa mujibu wa”, kisha ukucha. Mtangazaji alisema bila shaka ni daktari, aandike daktari, muda unakwenda.

“Mimi nauona ukucha tu,” alimjibu. “Piga picha upya.”

Picha ya pili ikaja, na mtoa habari akaonekana: mwokaji mikate aliyefukuzwa kazi na duka hilohilo mwezi uliopita. Loo, kumbe! Akaongeza hilo kwenye orodha, akapiga simu hospitali. Hawakuwa wamepokea mgonjwa hata mmoja wa mkate. Akapiga ofisi ya afya. Duka lilifungwa kweli Jumatatu, kwa uchafu, likafunguliwa kesho yake baada ya kusafishwa.

Hapo ndipo penye kisa. Kwenye simu ile, shangazi alikuwa amemwapia kwamba hakuna afisa aliyekanyaga pale. Dada wa watu aliisoma orodha yake tena. Kisha akapeleka yote mawili: dai la wagonjwa halikuthibitika, dai la kufungwa ni kweli. Yakasomwa hivyohivyo.

Jioni shangazi alimkuta jikoni, asiitikie hata shikamoo yake.

“Umeniaibisha, mwanangu. Eti uchafu! Walikuwa panya wawili tu.”

Mhakiki aliweka sufuria chini. Panya hawakuwemo gazetini, wala ofisi ya afya haikuwataja. Alimpenda sana mama huyu, ndiyo maana ilimuuma kufungua kinywa.

“Shangazi,” alisema taratibu, “nani aliwahesabu?”