Zoezi la Mwisho la Mwongeli

Asubuhi hiyo Mwongeli alikuwa ameketi kizingitini, ungo mapajani, akipanga mbegu tatu tatu. Mbaazi, ndengu, kunde. Mumewe, Mbaluka, alidhani anachambua kitoweo. Akazikomba zote akazitia kwenye chungu cha isyo, ile pure ya Wakamba, pamoja na mahindi.

Mwongeli alitazama ungo mtupu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

“Mzee, umepika masomo yangu.”

Alikuwa na miaka sitini na nane, na mwaka huo ndio alioanza gumbaru, shule ya watu wazima kanisani Nuu. Utotoni kwao Tseikuru alichunga mbuzi, na kaka zake ndio waliopelekwa shule. Mwalimu wa gumbaru, Kanini, aliwafundisha kitenzi kwa mbegu. Mbaazi ni mtendaji, inatangulia. Ndengu ni wakati, inafuata. Kunde ni kazi yenyewe, inakaa nyuma. Mimi, jana, kulima: ni, li, lima. Nililima. Sisi, sasa, kuvuna: tu, na, vuna. Mgeni akishafika, amefika. Wewe kesho utasoma.

Mwongeli akatafuta mbegu nyingine, akafungua daftari. Lilikuwa zoezi la kumi, la mwisho kabla ya mtihani, na maswali yake yalikuwa kumi. Kama angepata sita au zaidi, angeandikishwa kwa mtihani. Aliandika kwa penseli polepole, ulimi nje kidogo. Alipomaliza la nane, Mbaluka alimwambia aache hayo. Mbuzi wana kiu, na cheti cha bibi mzee kitaliwa na mchwa.

Mwongeli alifunga daftari, akaliweka juu ya kabati, akaswaga mbuzi kwenda mtoni.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba shimo wakachota kwa kibuyu. Huko ndiko alikoanguka. Walimbeba, na kabla ya kufika barabarani alikuwa ameshakata roho.

Watu walikuja, wakaimba, wakazika, wakaondoka. Binti yao Mutindi alikaa wiki mbili akarudi kazini Emali. Alitaka kuondoka na nguo za mama yake na lile daftari, akaruhusiwa nguo. Daftari baba yake alilikatalia. Hakumwambia kwa nini. Kila akilitazama aliyakumbuka maneno yake ya mchwa, na kuona nafasi mbili ambazo mkewe angezijaza kama yeye angenyamaza.

Alhamisi moja alivaa koti, akalichukua daftari, akaenda kanisani. Wanafunzi walikuwa wanawake saba na mzee mmoja muuza mbuzi, Guled, ambaye alimsogezea benchi. Mbaluka alisubiri mpaka wote wakatoka.

“Mwalimu, nisahihishie hili la mama,” alisema. “Nataka kujua kama alikuwa amefaulu.”

Kanini alilipokea kwa mikono miwili. Alisema halijaisha, angeweza kuyajaza yale mawili kwa ajili yake, nani atajua.

“Usimpe bure. Yeye hakupenda vya bure.”

Basi Kanini akachukua kalamu nyekundu. Mbaluka hakujua kusoma, lakini alama za vema alizijua. Moja, mbili, tatu, nne. La tano kalamu ilisita, ikaweka mkasi, alama ya kosa. Swali lilikuwa la viti kuvunjika jana, na Mwongeli aliandika ilivunjika. Kanini alimweleza kwamba viti huanza na vi, vilivunjika, ila huku Nuu kila kitu tunakiita i: viti i, vitabu i, hata yeye mwalimu akiwa sokoni husema hivyo hivyo.

“Ndengu yake lakini ameiweka vizuri,” akasema. “Ni mbaazi tu iliyomponyoka.”

Aliendelea. La sita vema, la saba vema, la nane vema. Zile nafasi mbili akazipigia mstari. Juu ya ukurasa akaandika saba juu ya kumi.

“Amefaulu, Mzee. Hata bila hayo mawili.”

Mbaluka aliitikia kwa kichwa. Alifikiri angepata nafuu. Badala yake aliketi kwenye benchi, mahali alipozoea kuketi mkewe, akaficha uso katika kofia. Alisema ni yeye aliyemkatiza, na alimcheka mwaka mzima, kwamba anatafuta sifa za wasomi uzeeni.

Kanini alimwacha alie. Halafu akamwambia kwamba siku ya kwanza kila mwanafunzi huulizwa kilichomleta. Wengine walitaja Biblia, wengine simu. Jibu la Mwongeli hakulisahau, akalirudia neno kwa neno:

“Mzee wangu hajui kusoma, na ana haya ya kuuliza watu. Nikishajua mimi, nitamfundisha pale nyumbani, mtu asione.”