Khalati na Karatasi ya Maadili

Wenzangu wa wodini hawaamini nikiwaambia kwamba mimi na khalati, mdogo wake marehemu mama, tulisoma uuguzi darasa moja. Ndiye aliyenilea. Nilipopata nafasi chuoni Kilifi naye akaomba, akasema hawezi kuniachia nikacheze peke yangu. Wallahi akapata. Basi nikawa naketi nyuma ya mtu aliyenifunza kunawa uso.

Masomo yote tulipita isipokuwa maadili ya kazi. Tulianguka wote wawili, kila mtu kwa ugonjwa wake. Mimi ni mtoto wa Shella, sikuzoea kumwingilia mtu na neno kabla ya salamu ndefu. Swali la kisa likija, naanza: uuguzi ni kazi ya huruma, familia ni nguzo, mgonjwa ni binadamu. Nastukia msimamizi anasema wekeni kalamu, na mgonjwa wangu yuko palepale kitandani, sijaamua afanyiwe nini. Khalati alikuwa kinyume changu. Anasoma kisa, anaandika mstari mmoja kwamba mgonjwa aambiwe ukweli, anafunga karatasi. Mwalimu alimwandikia pembeni: kwa nini? Alinionyesha kwa hasira kama aliyetukanwa. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini akajibiwa; akishasema yamekwisha, yamekwisha.

Chuo kikatupa nafasi moja ya kurudia. Anayeanguka tena anaondoka. Mimi nilikuwa kijana, ningeanza kwingine. Yeye, kwa umri ule, asingerudi tena darasani, na kazi ya uuguzi aliitamani tangu hajaolewa.

Siku hizo nazitamani mpaka leo. Baada ya sala ya alasiri tulikaa ukumbini kwake, mahamri katikati, simu imetegwa nusu saa kwa swali moja, kama mtihanini. Yeye alinifundisha kuingia ndani moja kwa moja: sentensi ya kwanza iseme mgongano uko wapi, wajibu gani unavutana na wajibu gani. Nikianza habari za huruma ananigonga kidole kwa kalamu. Mimi nikamfundisha njia iliyobaki. Taja yale ya kisa yenye uzito: mgonjwa ni mtu mzima, ana akili timamu? Lipi hatujaambiwa? Kisha kanuni, lakini usizimwage tu kama orodha ya harusi, kila moja uifunge na kisa hiki. Kisha njia zinazowezekana, na kila njia inamgusa nani. Kisha jibu hoja ya anayekupinga. Ndipo uamue, useme sababu, na useme muuguzi atafanya nini. Dakika chache za mwanzo za kupanga, chache za mwisho za kuamua, hizo haziguswi.

Hapo kwa anayekupinga ndipo tulipogombana kila siku. Khalati alisema akishakata shauri, anayepinga akalale.

Siku ya mtihani kikaja kisa cha mzee mwenye saratani. Mwanawe mkubwa anamsihi muuguzi asimwambie baba, atakata tamaa. Mzee mwenyewe anauliza, nina nini? Niliandika mgongano mstari wa kwanza, nikaenda vizuri. Kufika katikati nikainua macho, nikamwona khalati ameweka kalamu chini, mikono kifuani. Loo! Nikajua kafanya yale yale, na hapakuwa na namna ya kumwambia. Nililia huku naandika.

Kisha akainua mkono, akaomba karatasi ya ziada.

Tulipita wote. Nilimuuliza aliandika nini kwenye ile karatasi ya pili.

"Nilikuwa nimeshaamua kwamba mzee aulizwe anataka kujua kiasi gani, na aambiwe kwa upole," alisema. "Halafu nikaona sijamjibu yule mwanawe. Anampenda babake, masikini. Nikamjibu."

Jioni ile ile, tukiwa tunaosha vyombo, bila mimi kuuliza, akaanza habari ya mama. Akanieleza kwa nini, mama alipokuwa hospitali siku zake za mwisho, hakunipeleka kumwona. Alinieleza kwa mpango: mama alivyokuwa amebadilika sura, mama mwenyewe alivyosema, yeye alivyoniogopea, njia alizokuwa nazo, na kwa nini alichagua ile. Akafika mpaka kwangu, mtoto wa miaka sita niliyelia mlangoni, akanijibu na mimi.

Sikuafikiana naye, na nikamwambia. Mimi ningekuwa yeye, ningenipeleka. Akaitikia kwa kichwa, akanipa sahani nyingine nifute, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakusema yamekwisha.