Barua Niliyomwandikia Mwalimu Kuhusu Kilo Zake

Miaka ya tisini nilikuwa nesi katika wodi ya wanaume, Kakamega, na nilijivunia vitu viwili: mwandiko wangu na ukali wangu. Wagonjwa waliniita sista nikiwa mbele yao. Nikigeuka waliniitaje sijui, wala sikujali.

Siku moja aliletwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Shinyalu, miguu imevimba, hawezi kulala chali bila kutweta. Daktari alisema moyo wake umedhoofika, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Tukampa dawa ya kukojoa. Kwa wiki moja na ushei yale maji yakatoka, na mzee aliyekuja amefura akabaki mifupa na suruali, lakini anapumua. Siku ya kuruhusiwa alikuwa na kilo hamsini na nane.

"Sista, mwandikie maagizo aende nayo nyumbani," daktari akaniambia.

Nikaandika ukurasa mzima. "Mwalimu, jipime kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya kula, kwa mizani ile ile na nguo zilezile. Andika kwenye daftari. Vinywaji vyote vya siku visizidi lita moja na nusu. Chai, uji, maziwa na mchuzi vihesabiwe pia. Punguza chumvi. Usiache dawa. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, njoo utueleze." Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma bila kukosea hata nukta, nami nikaona yatosha. Mtu aliyefundisha miaka thelathini nimweleze nini zaidi?

Yaliyofuata nilisimuliwa na mkewe. Mdogo wake mwalimu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi hatua chache kutoka kwao, na mizani ya kupimia magunia. Kila asubuhi, kabla ya chai, mwalimu alipanda pale na kaptula yake ileile. Mama naye alipima vinywaji kwa kikombe kimoja cha bati, akimnyima mumewe uji huku roho ikimuuma. Dawa hakukosa hata siku moja.

Sasa, ni lazima mtu akumbuke miaka ile. Ukikonda tu, majirani walikuwa wameshakuhukumu kwa ugonjwa ule ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Mwalimu aliporudi amekauka vile, watu waliacha kumpa mkono. Wiki mbili mizani haikusogea. Kisha ikaanza kupanda: hamsini na tisa, sitini, sitini na mbili. Mdogo wake akawa anaitangaza kwa sauti mbele ya wanawake waliopanga foleni na mahindi yao, nao wanapiga vigelegele. Mkono wa mwalimu ukaanza kushikwa tena.

Walikuja siku ya kliniki aliyopangiwa alipotoka wodini, si kabla. Mwalimu alibebwa na wanaume wawili, midomo imegeuka rangi, hawezi kumaliza sentensi. Mkewe alikuwa na kuku chini ya kwapa.

"Sista, tumekuletea ingokho," alisema. "Balua yako ilisema akiongezeka tukueleze. Ona, ameongezeka kilo tisa! Alikuwa anaongezekanga kila siku. Ni hii pumzi tu imetushinda tangu jana."

Nilifungua daftari. Mistari imenyooka, tarehe zote zipo. Kwenye sitini na mbili mwalimu alikuwa ameandika pembeni: "Mungu ni mwema." Kufikia asubuhi ile alipaswa awe ameshapanda gari kuja kwetu. Tungemwongezea dawa siku hiyohiyo.

"Mama, kwa nini hamkuja hapa?" niliuliza, na ukali wangu ukatoka kwa mazoea.

"Habari njema si haina halaka, sista? Tulisema tungoje kliniki, tupate na kuku mzuri."

Nilitaka ardhi inimeze. Kila nilichoagiza walikuwa wamekifanya. Nilichoacha ni sentensi moja tu, ya kusema kwamba kilo hizo si nyama, ni maji, na yatapanda mpaka kifuani. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa wazi mno hata sikuona haja ya kulitilia wino.

Tulimpigania siku mbili. Alifariki asubuhi ya tatu.

Nilimkuta mama amekaa kwenye benchi la nje na daftari mapajani. Nikapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu pale hospitalini, nikamweleza lile ambalo sikuliandika. Nilidhani atanilaani. Nadhani nilitaka anilaani.

Alipitisha kidole juu ya zile namba.

"Kwa hivyo, sista," akasema, "kila siku tulipompigia vigelegele, alikuwa anazama?"

Nikamwambia ndiyo.