Saa ya Bi Mahfoudha na Kava Jipya

Sisi wa Mtopanga tulisema Bi Mahfoudha anaringa. Ukimpigia simu hapokei, ukimwita kwa nyuma hageuki. Fundi wa hina hodari kama yeye, tulisema, lazima ajione. Kumbe masikio yake yameanza kuwa mazito, naye hakutaka yeyote ajue. Afadhali aonekane na maringo kuliko maharusi wamkimbie.

Binti yake Salsabil ndiye aliyemnunulia saa ya kuunganishwa na simu. Simu ikiita, saa hutikisika mkononi mwake, hata akiwa katikati ya kupaka hina. Akaanza kupokea simu zote. Tukasema amejirekebisha, midomo yetu haina likizo.

Asubuhi moja aliikuta saa imezima juu ya kichajio chake. Ilikuwa siku mbaya: watu wa harusi ya Shanzu wangempigia kumwambia aende nyumba gani, na wakimkosa wangemchukua fundi mwingine. Akatia simu, saa na kichajio kwenye pochi, akaenda kwa Obeid, fundi wa simu.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba, mwanangu. Naogopa hina imeiua hii.”

Obeid akaigeuza saa. Kweli, kwenye vyuma viwili vidogo vya kuchajia mgongoni mwake, hina ilikuwa imekauka. Akaifuta kwa kitambaa chenye tone la spiriti, akasubiri ikauke, akaiweka kwenye kichajio. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya. Akatia adapta nyingine, ambayo alijua ni nzima. Bado.

“Na hili kava?”

“Nimeivisha jana, saa isipate hina.”

Obeid akainama hadi usawa wa meza, akaitazama saa kwa ubavu. Ukingo wa kava ulikuwa mnene, umeinyanyua saa kidogo, vyuma vya kichajio havifiki. Akalivua kava, akairudisha saa. Ikakaa sawasawa, na alama ya betri ikawaka.

“Wallahi,” Bi Mahfoudha akasema, akaketi.

Ndipo simu ikaita ndani ya pochi. Ikaita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Bi Mahfoudha alikuwa akiitazama saa yake tu, akitabasamu, hata simu ikakatika.

Obeid akaelewa. Alisubiri saa iwake na kuungana na simu, akamfungia mkononi mwenyewe, kava akampa kando. “Ukichaji, livue, Bi.”

Hajafika mlangoni, mkono ukashtuka. Akafungua pochi. “Naam, nimekusikia,” akasema, simu ameibana sikioni. “Shanzu, nyuma ya mahakama. Inshallah nitakuja.”

Siku hizi mtu akilalamika kibandani kwa Obeid kwamba Bi Mahfoudha ameitwa na hakugeuka, Obeid hainui kichwa kutoka kazini.

“Mwite kwa mbele,” humwambia.